Lita sita kwa saa tatu

Mtu mzima wa kilo 60 akifikishwa kwenye kambi ya kipindupindu amelegea, macho yametumbukia, ngozi ya tumbo ikifinywa inabaki imekunjamana, na mapigo kwenye kifundo cha mkono hayasikiki, hesabu yake inajulikana hata kabla hajalazwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apewe mililita 100 za maji ya mshipani kwa kila kilo ya uzito wake. Mililita 30 kwa kilo zinaingia katika nusu saa ya kwanza, na 70 zilizobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa mgonjwa huyu ni mililita 1,800, kisha 4,200. Jumla ni lita sita kwa saa tatu, yaani chupa 12 za nusu lita.

Kasi hiyo huwashtua hata wauguzi wanaokutana nayo mara ya kwanza. Dripu ya kawaida wodini, chupa ya nusu lita kwa saa nne, hudondoka matone kama 42 kwa dakika kwenye mpira wa matone 20 kwa mililita. Nusu saa ya kwanza ya mgonjwa wa kipindupindu ingehitaji matone 1,200 kwa dakika, na hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Kwa hiyo kigurudumu cha kurekebisha kasi kinafunguliwa chote, kanula inakuwa nene, ya kijani au ya kijivu badala ya ile nyembamba ya buluu, na mara nyingi mikono yote miwili inatobolewa. Nusu saa ikiisha na mapigo bado hayajarudi vizuri, zile mililita 1,800 zinarudiwa mara moja.

Kinachoning'inia kwenye stendi, chupa zikiwapo za kutosha, ni Ringa Lakteti, ambayo wauguzi wanaiita RL. Ikikosekana ndipo inatundikwa salaini ya kawaida, NS. Zote mbili ni maji safi kama ya kunywa kwa macho, na ndugu wa mgonjwa hawezi kuzitofautisha bila kusoma maandishi. Ndani, hata hivyo, zimetengenezwa kwa mawazo tofauti.

Salaini ni maji na chumvi ya mezani tu, gramu tisa kwa lita. Chumvi hiyo ina sodiamu na kloridi kwa kiasi sawa, milimoli 154 kila moja. Damu ya mtu mwenye afya haina usawa huo: sodiamu yake ni kama 140 na kloridi yake ni kama 100. Salaini kwa hiyo inakaribia damu kwa sodiamu, lakini kwa kloridi inaizidi kwa nusu nzima. Ringa Lakteti ina sodiamu 130, kloridi kama 109, potasiamu kidogo, kalsiamu kidogo, na lakteti kama 28. Lakteti ndiyo siri yake. Ini huichukua na kuigeuza kuwa bikaboneti, kitu kile kile kinachozuia damu isigeuke kuwa na asidi.

Hapo ndipo kipindupindu kinapoamua chupa. Kinyesi chake, yale maji meupe kama ya kuoshea mchele, kinaondoka na bikaboneti nyingi na potasiamu nyingi. Mgonjwa anafika akiwa tayari na asidi kwenye damu, ndiyo maana anahema kwa nguvu ingawa mapafu yake ni mazima. Ukimpa lita sita za salaini, mishipa inajaa na presha inapanda, jambo linalookoa maisha. Ila umemwongezea pia kloridi ambayo figo zitahangaika kuitoa, na bikaboneti aliyopoteza haijarudi. Wingi wa kloridi huongeza asidi na unaweza kuibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Lita sita za RL zinajaza mishipa ile ile na wakati huo huo zinalipa sehemu ya deni la bikaboneti.

Wazo hili lilikuwapo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoivamia Uskoti, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith alimdunga mama mzee aliyekuwa akikata roho maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Mchanganyiko wake ulikuwa na chumvi pamoja na magadi kidogo, kwa hiyo kwa namna fulani ulifanana na RL ya leo kuliko salaini. Baada ya lita kama tatu mama alipata joto, mapigo yalirudi, na akaanza kuzungumza. Latta alimwacha mikononi mwa daktari wa hospitali akaenda kupumzika. Kuhara na kutapika kukaendelea, hakuna aliyeongeza maji, na saa chache baadaye mama akafariki. Miaka karibu mia moja ilipita kabla ya daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, kuongeza lakteti kwenye maji yaliyobuniwa na Sydney Ringer wa London, na kuipatia dunia chupa tunayoijua.

Je, salaini ni sumu basi? La, na hapa inafaa kuwa waangalifu, maana ubishi wa chupa hizi umekuwa mkali kama wa Simba na Yanga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa mahututi wazima 15,802. Waliopata salaini walifariki au kuumia figo vibaya kwa asilimia 15.4, na waliopata maji yaliyosawazishwa, RL au aina inayofanana nayo, kwa asilimia 14.3. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Miaka minne baadaye utafiti wa Australia na Nyuzilandi, wa wagonjwa zaidi ya 5,000, haukuona tofauti ya vifo hata kidogo. Kwa mtu aliyeishiwa maji ambaye atapata lita moja au mbili, salaini iliyopo kabatini ni bora mara nyingi kuliko RL iliyopo kwenye bohari la mkoa. Tofauti inakua kadiri lita zinavyoongezeka.

Zipo pia hali ambazo salaini inastahili kutangulia. Mtu aliyetapika kwa siku kadhaa amepoteza asidi na kloridi ya tumboni, na salaini inamrudishia kile alichokosa. Aliyeumia ubongo huwekewa salaini kwa sababu RL ni nyepesi kidogo kuliko damu, na maji mepesi yanaweza kuuongezea ubongo uvimbe. Damu ya kuongezewa haipitishwi kwenye mpira mmoja na RL, kwa kuwa kalsiamu iliyomo inaweza kuigandisha. Na ile hofu ya zamani, kwamba mgonjwa wa figo asiguswe na RL kwa sababu ina potasiamu, imepungua nguvu sana. Potasiamu yake ni kama nne tu kwa lita, kiwango cha damu yenyewe. Wagonjwa wa kupandikizwa figo waliofuatiliwa kwenye utafiti walipandisha potasiamu zaidi kwa salaini kuliko kwa RL, kwa sababu asidi huisukuma potasiamu kutoka ndani ya seli.

Swali zito zaidi ni kiasi. Lita ya RL au salaini ikishaingia mshipani haikai humo. Katika muda mfupi sehemu kubwa yake, karibu robo tatu, inapenya kwenye kuta za mishipa na kuingia katikati ya nyama. Kwa mgonjwa wa kipindupindu huko ndiko kulikokauka, kwa hiyo maji yanapata mahali pa kukaa. Kwa mtu ambaye presha yake imeshuka kwa sababu nyingine, hakuna nafasi hiyo. Maji yanatafuta njia, na mapafu ni njia rahisi.

Mfano mchungu unatoka jirani, Lusaka. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya huko, watu wazima 209 waliokuwa na maambukizi yaliyosambaa mwilini na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, waligawanywa makundi mawili. Moja lilitibiwa kwa utaratibu wa kuwahi na kusukuma maji mengi, wastani wa lita 3.5 katika saa sita za kwanza, pamoja na dawa za kupandisha presha. La pili lilipata huduma ya kawaida, lita mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kundi la maji mengi lilipoteza asilimia 48 ya wagonjwa, na kundi la kawaida asilimia 33. Maji peke yake hayawezi kubebeshwa lawama yote, kwa kuwa matibabu mengine nayo yalitofautiana. Lakini hospitali haikuwa na mashine za kupumulia za kutosha kumwokoa kila aliyejaa maji, na hali hiyo inafanana na hospitali zetu nyingi za wilaya.

Kujaa maji kunajitangaza. Kasi ya kupumua inapanda wakati presha inazidi kuwa nzuri, na hilo ndilo linalowapotosha watu, kwa sababu kipimo kimoja kinafurahisha huku kingine kikionya. Mgonjwa anaanza kukohoa, hataki kulala chali, kope zinavimba, mishipa ya shingo inatuna. Oksijeni kwenye kidole inashuka, na stetoskopu chini ya mgongo inasikia milio ya kukwaruza. Akifikia kutema povu la rangi ya waridi, amechelewa. Muuguzi anayejua kazi hufunga dripu kwanza, humketisha, humpa oksijeni na kumwita daktari, ambaye huenda akaagiza furosemaidi ya kutoa mkojo. Wazee, wenye moyo dhaifu, wenye figo zilizochoka, wenye upungufu mkubwa wa damu na wajawazito wenye kifafa cha mimba hufika huko kwa maji machache. Hawa hupewa kwa vipande, mililita 250 au hata chini ya hapo, na kupumua kwao kunahesabiwa kabla ya kipande kingine. Ndugu anayekizungusha kile kigurudumu ili chupa iishe upesi waende nyumbani hajui anachokichezea.

Hata yule wa lita sita hatakiwi kubaki kwenye dripu. Mara anapoweza kumeza, anaanza kunywa ORS huku maji ya mshipani yakiendelea, kwa sababu RL haina potasiamu ya kutosha kufidia iliyopotea. Lita ya ORS ina milimoli 20, mara tano ya ile ya chupa. Kinachotoka kinapimwa kwenye ndoo iliyo chini ya tundu la kitanda cha kipindupindu, na kiasi hicho hicho kinarudishwa kwa kikombe.

Inabaki ile dripu ya nguvu, inayoombwa kwenye zahanati na mtu aliyechoka lakini anayetembea, anayekojoa na anayeweza kumaliza soda. Chupa yake ya nusu lita ya salaini ina gramu 4.5 za chumvi, karibu kiwango chote ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidi kwa siku, na haina chakula chochote. Kijana mzima ataikojoa tu. Mzee mwenye presha na moyo uliopanuka anaweza kurudi usiku huo huo akihema.