Wakikuuliza "Utaanza lini?": namna ya kujibu meseji ya ofisi ya ajira

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI: Wiki hii tunazungumzia meseji fupi ambayo wengi wameipata baada ya kuomba kazi, na wengi wameijibu haraka bila kuifikiria. Kama umeshika karatasi hii mkononi, tafuta na kalamu, kwa sababu tutahesabu tarehe pamoja.

Meseji yenyewe huwa hivi: "Umechaguliwa kwa hatua inayofuata. Tujulishe muda wako wa notisi, tarehe ya mapema unayoweza kuanza, na saa nzuri za kukupigia simu." Hayo ni maswali matatu. Anayeuliza ana majina kadhaa mbele yake, na kila jina anataka kuliandikia tarehe na saa. Ukimjibu "niko tayari wakati wowote", hana cha kuandika kwenye nafasi yako. Ukimjibu "hata kesho", na huku una kazi nyingine, umemwahidi kitu usichoweza kutimiza. Na ahadi ni deni.

Twende swali moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: muda wa notisi

Notisi ni siku unazopaswa kuendelea kufanya kazi baada ya kumpa mwajiri wako barua ya kuacha kazi. Usizikisie. Fungua mkataba wako, au ile karatasi ya makubaliano uliyosaini kama unafanya kazi ya motisha, utafute palipoandikwa habari za kuacha au kusitisha kazi. Siku zilizoandikwa hapo ndizo za kutaja.

Kama mkataba haukutaja chochote, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28. Aliye bado kwenye majaribio hutoa notisi ya siku 7. Kama mkataba unataja siku nyingi kuliko 28, fuata mkataba. Karatasi yako isipoeleweka, ipeleke kwa msimamizi wa wafanyakazi au kwa wanaotoa msaada wa sheria kambini, wakusomee kipengele hicho kimoja.

Kama kwa sasa huna kazi, sema wazi: "Sina notisi." Hakuna aibu. Kwa anayetaka kujaza nafasi haraka, hiyo ni habari njema.

Swali la pili: tarehe ya kuanza

Hapa ndipo watu hupotea. Tuchukue mfano na tuuhesabu.

Tuseme wewe ni mkalimani katika zahanati hapa Kakuma. Unalipwa kwa mwezi, na notisi yako ni siku 28. Umeomba kazi ya ukalimani Kalobeyei. Meseji inaingia Jumanne tarehe 9 Juni. Wengi huhesabu siku 28 kuanzia hiyo tarehe 9, wanafika Jumanne tarehe 7 Julai, na wanajibu: "Nitaanza tarehe 8 Julai."

Hesabu hiyo ina kasoro. Siku za notisi hazianzi siku uliyopokea meseji. Zinaanza kuhesabiwa baada ya wewe kumkabidhi mwajiri wako barua. Na barua hiyo hupaswi kuikabidhi leo, kwa sababu bado huna kazi mpya. Unayo meseji tu. Baada ya meseji kuna simu, baada ya simu huenda kuna mahojiano, na baada ya hapo wanaweza kumchukua mwingine. Ukiacha kazi kwa kutegemea meseji, unaweza kukosa ile mpya na ya zamani ikawa imeshapewa jirani yako. Hapo nyumbani watakula nini?

Basi subiri barua ya ajira, iliyoandikwa jina lako, kazi, malipo na tarehe. Ukishaishika ndipo unaandika notisi. Kwa sababu hiyo, jibu lako liwe na sharti ndani yake: nikipata barua siku fulani, naweza kuanza siku fulani.

Sasa hesabu. Tuseme barua ya ajira inafika Jumatatu tarehe 15 Juni. Kesho yake, Jumanne tarehe 16, unakabidhi notisi. Siku ya kwanza ya notisi ni Jumatano tarehe 17 Juni. Hadi mwisho wa Juni umemaliza siku 14. Siku nyingine 14 zinaishia Jumanne tarehe 14 Julai. Hiyo ndiyo siku yako ya mwisho zahanati. Siku ya mapema unayoweza kuanza Kalobeyei ni Jumatano tarehe 15 Julai. Ukilinganisha na ile tarehe 8, utaona tofauti ya wiki nzima. Wiki hiyo ingekufanya uonekane mtu asiyetimiza neno kabla hata hujaanza kazi.

Je, wakisema tarehe 15 Julai ni mbali? Usipunguze siku peke yako. Baada ya kushika barua ya ajira, nenda kwa msimamizi wako wa sasa umuulize mambo mawili: kama bado una siku za likizo ulizobakiza ambazo zinaweza kuhesabiwa ndani ya notisi, na kama anakubali uondoke mapema. Akikubali, akuandikie. Ukiondoka tu kabla ya siku kwisha, mwajiri anaweza kukudai malipo ya siku ulizoruka.

Na kama kazi iko nje ya kambi, kwa mfano Lodwar au Nairobi, notisi si kizuizi pekee. Utahitaji kibali cha kutoka kambini kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Usitaje tarehe kabla hujaenda kuuliza hapo. Katika jibu lako andika, "pamoja na siku za kupata kibali cha kusafiri", ili anayekuajiri ajue mapema, na kama kuna barua unayohitaji kutoka kwake kwa ajili ya kibali, aiandae.

[Muziki mfupi]

Swali la tatu: saa nzuri za kupigiwa

Swali hili linaonekana jepesi, lakini saa zinatuchanganya sana sisi tunaosema Kiswahili. Ukiandika "nipigie saa 8", wewe unafikiria mchana baada ya chakula. Aliyezoea saa za ofisi anasoma saa mbili asubuhi. Anakupigia ukiwa kazini, simu iko kimya mfukoni, na anaandika kwamba hukupatikana. Dawa yake ni kuandika saa kama zinavyoonekana kwenye kioo cha simu, kwa mtindo wa saa 24. Saa nane mchana ni 14:00. Saa kumi na moja na nusu jioni ni 17:30.

Kuna jambo jingine. Saa za Bukavu na Bujumbura ziko nyuma ya za Kenya kwa saa moja. Juba nayo iko hivyo tangu Februari 2021. Wako wenzetu ambao simu zao bado zinafuata saa za nyumbani, ili wajue ndugu zao wameamka. Angalia simu yako kabla ya kuandika, kisha ongeza maneno "saa za Kenya".

Halafu chagua saa ambazo simu yako ina chaji, wewe uko pahali penye mtandao, na unaweza kuongea bila msimamizi wako wa sasa kusikia. Turudi kwa yule mkalimani. Asubuhi yuko zahanati hadi 13:00. Saa 15:00 anapeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia cha sola, anaichukua saa 17:00. Saa zake nzuri basi ni mbili: 14:00 hadi 15:00, na 17:30 hadi 19:00. Taja nafasi mbili kama hizo, si moja. Moja ikikwama kwa foleni ya maji au ya mgao, ya pili ipo. Na saa hizo ukishazitaja, kaa karibu na simu. Ukitaja na namba ya pili, mwambie mwenye namba hiyo kwamba unaweza kutafutwa, na umpe jina la shirika, asije akajibu "umekosea namba".

Jibu zima

Sasa tunakusanya yote. Jibu kwa lugha waliyokuandikia, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Mwezi uandike kwa jina, kwa sababu 6/7 mmoja ataisoma tarehe 6 Julai na mwingine tarehe 7 Juni. Jibu la mkalimani wetu linakuwa hivi:

"Habari. Bado naihitaji kazi ya mkalimani, Kalobeyei. Notisi yangu ni siku 28. Nikipata barua ya ajira kufikia Jumatatu 15 Juni, naweza kuanza Jumatano 15 Julai. Nipigieni Jumatatu hadi Ijumaa, 14:00–15:00 au 17:30–19:00, saa za Kenya. Asubuhi niko kazini, lakini meseji nitaisoma. Asante."

Chini yake weka jina lako kamili, kama lilivyo kwenye barua ya maombi. Hiyo inatosha. Usieleze shida za nyumbani, usirudie vyeti vyako. Na mtu akikuambia ulipe pesa kidogo ili jina lako libaki kwenye orodha, au utume namba ya siri ya simu, usijibu. Ofisi inayouliza tarehe yako ya kuanza haina haja na pesa yako.

Ukituma, andika tarehe hizo kwenye daftari. Siku watakapokupigia watakuuliza tena, na jibu la mdomoni lilingane na la meseji. Ikiwa barua ya ajira itachelewa, kwa mfano ije tarehe 22 Juni, hesabu mpya ni rahisi: wiki moja imesogea, basi unaanza tarehe 22 Julai. Watumie meseji siku hiyohiyo ukiwaambia tarehe mpya. Na ukikosa simu yao, usipige mara kumi. Tuma maneno haya: "Nimeona simu yenu ya 14:20. Sasa napatikana hadi 15:00." Kisha weka simu karibu.

Tuonane wiki ijayo, saa ileile. Kwaherini.

[Muziki wa kufunga]