Sikio Lililoziba Miezi: Puto la Mrija Linamfaa Nani?

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo hushuka karibu mita 1,000. Abiria wengi humeza mate mara mbili tatu, masikio yakazibuka, safari ikaendelea. Lakini wapo wanaofika Mombo sikio moja likiwauma, na kesho yake bado wanasikia kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Kama hali hiyo imezidi miezi mitatu, madaktari huiita sugu, na chanzo chake mara nyingi hakipo kule kidole kinakofika.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Hewa hiyo hunyonywa polepole na utando wa chumba chenyewe, kwa hiyo lazima iingizwe nyingine. Njia yake ni mrija mwembamba wa takriban sentimita tatu na nusu, unaotoka kwenye chumba hicho hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la tabibu Mwitaliano wa karne ya 16, Bartolomeo Eustachi. Muda mwingi mrija huu umefumba. Tunapomeza au kupiga miayo, misuli ya kaakaa huuvuta ukafunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, hewa ikapita. Utando wake ukivimba kwa mzio, mafua yasiyoisha au moshi wa sigara, haufunguki. Hewa ya ndani hupungua, ngoma ya sikio ikavutwa ndani, na hapo ndipo mtu anaposikia uzito, mlio, na sauti za watu kama zinatoka chumba cha pili. Ikiendelea hivyo, majimaji hujikusanya.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 45. Sikio lake la kushoto liliziba baada ya mafua, na mwezi wa nane sasa halijazibuka. Ameshapewa matone ya sikio na dozi mbili za antibiotiki. Inanisikitisha kwamba wagonjwa wengi huanzia hapo, kwa sababu matone huishia kwenye ngoma ya sikio nzima. Hayawezi kuvuka yakafika kwenye mrija. Antibiotiki nazo hazina kazi pale pasipo na maambukizi ya bakteria. Vijiti vya pamba ndiyo kabisa, husukuma nta ndani na kuongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Mwalimu huyu anahitaji vipimo viwili visivyouma. Cha kwanza ni timpanometri. Mpimaji huweka kizibo laini mlangoni mwa sikio, mashine ikabadilisha mgandamizo wa hewa na kuchora ngoma ya sikio inavyocheza. Kwa sikio zima, kilele cha mchoro huwa karibu na sifuri. Tuseme sikio lake la kulia limeonyesha hasi 10, la kushoto hasi 220. Kilele kikipita hasi 100 upande wa chini, ndani kuna upungufu wa hewa. Mchoro ukiwa bapa usio na kilele, huku ngoma ikiwa haijatoboka na hakuna nta iliyoziba, kwa kawaida kuna majimaji.

Cha pili ni kamera nyembamba inayopitishwa puani hadi kwenye mdomo wa mrija. Hiki kisirukwe kamwe, hasa kwa mtu mzima aliyeziba sikio moja tu. Saratani ya nyuma ya pua, ambayo Afrika Mashariki inafahamika vizuri, inaweza kujitokeza kwanza hivyo hivyo: sikio moja lenye majimaji, kabla ya uvimbe shingoni au damu puani. Kwa mwalimu wetu kamera imeonyesha utando uliovimba na kupauka kwa mzio, bila uvimbe wowote wa kutilia shaka.

Matibabu basi yanaanzia puani. Atapewa dawa ya steroidi ya kupulizia, aitumie kila siku kwa wiki kadhaa, kichwa kikiwa kimeinama kidogo na ncha ya chupa ikielekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Dawa hii hutuliza mzio. Kwa mrija wenyewe ushahidi wake ni dhaifu, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo mapema. Pia atafundishwa kubana pua, kufumba mdomo na kusukuma hewa taratibu bila nguvu, na asifanye hivyo akiwa na mafua.

Akirudi baada ya wiki nane, tuseme mzio umetulia lakini kipimo bado ni hasi 190. Sasa ndipo mazungumzo ya puto yanapoanza.

Mgonjwa huwa amelazwa kwa nusukaputi, ingawa kuna vituo vinavyotumia ganzi ya sehemu. Daktari huongozwa na kamera, akapitisha puani mpira mwembamba wenye puto dogo ncha yake, akaliingiza kwenye sehemu ya mrija iliyo ya gegedu. Hulijaza maji ya chumvi hadi lifikie upana wa milimita 6 hivi, akaliacha kwa dakika mbili, kisha hulitoa. Hakuna kinachobaki ndani. Puto huuponda utando ulionenepa, nao unapopona huwa mwembamba zaidi. Nchini Marekani kifaa cha kwanza cha aina hii kiliidhinishwa mwaka 2016, kwa watu wa miaka 22 na zaidi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa kwa kura watu wazima ambao dawa zilishindwa kuwasaidia. Baada ya wiki 6, kipimo kilirudi kawaida kwa takriban 52 kati ya kila 100 waliowekewa puto na kuendelea na dawa ya pua, dhidi ya 14 kati ya 100 waliotumia dawa peke yake. Ni tofauti kubwa, lakini itazame pia kutoka upande wa pili: karibu nusu ya waliowekewa puto walikuwa bado hawajawa sawa. Madhara makubwa ni nadra. Yanayotokea zaidi ni damu kidogo puani, mchubuko wa utando, na wakati mwingine hewa kuingia chini ya ngozi ya shingo au uso, ndiyo maana mtu hukatazwa kupenga kwa nguvu siku za mwanzo.

Kinachoniogopesha zaidi ni puto kwa mtu asiye na mrija ulioziba. Kuna wagonjwa ambao mrija wao, kinyume chake, hukaa wazi. Nao husema sikio limejaa, ila husikia pumzi na sauti zao wenyewe ndani ya kichwa, hupata nafuu wakilala, na wengine wamepungua uzito sana hivi karibuni. Puto linaweza kuwazidishia. Wengine shida yao ni kiungo cha taya: uzito wa sikio, maumivu wakitafuna, kipimo cha hewa safi kabisa. Hawa mrija wao hauna kosa.

Pale daktari anapobaki na shaka, kimrija kidogo kinaweza kuwekwa kwenye ngoma ya sikio ili hewa iingie moja kwa moja. Uzito ukiondoka, shida kweli ilikuwa hewa. Ukibaki vilevile, puto nalo halitarajiwi kuuondoa.

Kwa hiyo ukishauriwa kuwekewa puto, omba kwanza uonyeshwe mchoro wa timpanometri wa kila sikio na uelezwe kamera iliona nini nyuma ya pua. Kama kimoja kati ya hivyo hakijafanyika, usitie sahihi ya kukubali upasuaji mpaka kifanyike.