Saa Mbili kwa Herufi Moja

Kikundi cha wanafunzi kinaposoma Fususul Hikam cha Ibn Arabi, hatari huanza sura ya tatu, ile ya Nuhu. Mmoja anaruka kusema mwandishi amemvunjia Nabii heshima. Mwingine anajibu kwamba haya ni mambo ya ndani, akili haiyafikii, na asiyeonja hajui. Wote wawili wanaamini wanachosema, na baada ya hapo hakuna la kuongeza, ilhali bado hakuna aliyeeleza sentensi yenyewe inadai nini. Mwongozo wa mazungumzo unaandikwa kwa ajili ya dakika hiyo. Kazi yake ni kuifunga milango hiyo miwili kwa muda, watu wabaki na maandishi.

Kwa kurasa, kitabu hiki si kikubwa. Katika chapa ya Kairo ya mwaka 1946, iliyohaririwa na Abul Ala Afifi, matini yenyewe haifiki kurasa 200. Muhyiddin Ibn Arabi, aliyezaliwa Mursia huko Andalusia mwaka 1165 na kufariki Damasko mwaka 1240, anasema mwanzoni mwa kitabu kwamba alimwona Mtume ndotoni akiwa Damasko, mwishoni mwa Muharram mwaka 627 wa Hijria, akampa kitabu hicho awafikishie watu. Kina sura 27, na kila moja imefungwa kwa jina la nabii au mja mwema, kuanzia Adamu hadi Muhammad. Fusus ni vito vya pete, vile vinavyochorwa jina la mwenyewe na kutumika kama muhuri.

Anayekifungua akitarajia visa vya manabii atapotea mapema. Ibn Arabi hasimulii. Huchukua aya ambayo msomaji anaijua tangu chuoni, huligeuza neno moja kwa sarufi na asili yake, kisha hujenga juu yake hoja kuhusu Mungu na viumbe. Ndiyo maana wanazuoni wameandika sherehe zaidi ya 100 juu ya kitabu hiki, nyingine nene kukizidi chenyewe mara kadhaa. Ndiyo maana pia mpango wa kusoma sura moja kila wiki huvunjika. Kwa muhula wa wiki 12, mwongozo wenye busara hutenga wiki tatu kwa Adamu, tatu kwa Nuhu na mbili kwa Zakariya, ambayo ni fupi. Wiki zinazobaki huachwa wazi, kwa sababu zitahitajika.

Namna ya kusoma ilionyeshwa na mwandishi mwenyewe. Nakala ya zamani kuliko zote zinazojulikana imehifadhiwa Istanbul, katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kituruki na Kiislamu. Iliandikwa na mwanafunzi wake, Sadruddin al-Qunawi, mwaka 630 wa Hijria, na ina maandishi ya mkono wa Ibn Arabi akithibitisha kuwa ilisomwa mbele yake. Tangu siku za kwanza, basi, kilikuwa kitabu cha kusomeana kwa sauti. Kikundi cha leo kinaweza kufanya vivyo hivyo: nusu ukurasa kwa kikao, mwenye Kiarabu aanze, kisha zifuate tafsiri mbili. Za Kiingereza zinazofaa kuwekwa ubavuni ni ya R. W. J. Austin ya mwaka 1980 na ya Caner Dagli ya mwaka 2004. Pale zinapopishana sana ndipo penye kazi, na mwongozo upaweke alama kabla ya kikao.

Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili huingia chumbani na akiba ambayo wenzao hawana, lakini akiba hiyo ina mtego. Jina ambalo Ibn Arabi hulitumia zaidi kwa Mungu ni al-Haqq, Aliye Kweli. Mswahili akilisikia anasikia haki, na kichwani inamjia mahakama au deni. Insani analijua kuwa ni mwanadamu, lakini katika Kiarabu mboni ya jicho nayo huitwa insani wa jicho. Sura ya Adamu inasimama juu ya neno hilo lenye maana mbili: ulimwengu bila mwanadamu ulikuwa kama kioo ambacho hakijasuguliwa, Adamu akawa ndio msuguo wake, na ndiye mboni ambayo kwayo viumbe vinatazamwa kwa rehema. Tafsiri isiyoonyesha kuwa mboni na mtu ni neno moja imepoteza nusu ya hoja. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa mwongozo uwe na maneno kumi tu ya namna hii, kila moja na maana yake ya nyumbani na maana yake kitabuni.

Sasa turudi kwa Nuhu. Sura yake inazungumzia mambo mawili ambayo wanazuoni huyaita tanzihi na tashbihi. Tanzihi ni kumtakasa Mungu na kila mfanano na viumbe. Tashbihi ni kumsema kwa sifa ambazo viumbe nao wanazo, kama kusikia na kuona. Msomaji wengi hudhani ya kwanza ni salama na ya pili ni hatari. Ibn Arabi anaanza kwa kusema kinyume: anayetakasa tu, bila zaidi, amemwekea Mungu mpaka. Hoja ni rahisi ukiitamka polepole. Ukisema hayumo katika hiki wala kile, umechora mstari, ukamweka upande mmoja wa mstari huo. Anayefananisha tu naye amechora mstari, ila upande wa pili. Kumjua kunataka yote mawili kwa pamoja.

Ushahidi anautoa katika aya ya 11 ya sura ya Ash-Shura. Nusu yake ya kwanza inakana kuwa kuna kitu mfano wa Mungu, na nusu ya pili inamtaja kuwa Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Katika nusu ya kwanza Kiarabu kimebebanisha maneno mawili ya kufananisha: herufi kaf, yenye maana ya kama, na neno mithli, yaani mfano. Moja lingetosha. Ya nini mbili?

Hapa kikao kinaweza kumaliza saa mbili bila mtu kuchoka, mradi mwongozo utembee hatua kwa hatua. Kwanza, ichukuliwe kaf kuwa ya kutilia mkazo tu, kama wanasarufi wengi wanavyosema. Maana inakuwa kwamba hakuna kabisa kinachofanana naye, nayo ni tanzihi. Kisha kaf ipewe maana yake kamili. Sasa kinachokanwa ni kitu kinachofanana na mfano wake, na sentensi inaonekana kukubali kuwa mfano upo. Hiyo ni tashbihi, ndani ya maneno yaleyale. Nusu ya pili nayo igeuzwe hivyo hivyo. Kusikia na kuona ni sifa tunazozijua kwa viumbe, kwa hiyo ni tashbihi. Lakini kiwakilishi Yeye, kwa mtindo wa Kiarabu, kinaweza kubana maana kuwa Yeye peke yake ndiye anayesikia na kuona, na hapo tumerudi kwenye tanzihi. Kila nusu imebeba yote mawili.

Baada ya hatua hizo ndipo maswali ya mwongozo yanapokuwa na nguvu. Je, hoja ya Ibn Arabi inasimama iwapo kaf ni ya mkazo tu? Je, kusema hakuna kinachofanana na mfano wake kunalazimu mfano uwepo, au ni njia ya kusisitiza kwamba haupo? Swali hili la pili ni zito, na mwanafunzi wa mantiki asiyejua Kiarabu anaweza kulichangia sawasawa na mwenzake aliyehifadhi Kurani. Swali baya ni lile linaloanza na unahisije, kwa sababu linaweza kujibiwa na mtu ambaye hakusoma.

Sasa yule aliyekasirika mwanzoni anaweza kupewa nafasi yake. Ibn Arabi anadai kwamba Nuhu aliwaita watu wake kwa njia ya kutenganisha, nao wakaziba masikio, na kwamba lau angeunganisha wangeitika. Dai hilo limewaudhi wengi kwa karne nyingi. Ibn Taimiya, aliyefariki Damasko mwaka 1328, alilishambulia fundisho la kitabu hiki kwa ukali na kwa hoja. Mwongozo unaomwacha nje unawanyima wanafunzi mpinzani aliyekisoma kwa makini. Inafaa kurasa zake chache zisomwe wiki ya tatu ya Nuhu, kwa sauti ileile, na aulizwe maswali yaleyale: ni sentensi ipi hasa anayoipinga, na je, ameisoma kama kikundi kilivyoisoma?

Kuna neno moja ambalo ni bora lizuiwe hadi wiki za mwisho: wahdatul wujudi, umoja wa kuwepo. Kila mtu ameshalisikia, na kwa wengi ndilo jina la mafundisho ya Ibn Arabi. Lakini yeye mwenyewe hakulifanya kuwa jina la fundisho lake. Lilipata nafasi hiyo baada yake, kwa wafuasi na kwa wapinzani. Likitamkwa mapema, watu huanza kujadili jina na kuacha ukurasa.

Kiongozi wa kikao hujuaje kuwa mambo yanaharibika? Njia nyepesi ni kutazama daftari la kumbukumbu. Likiwa na maoni mengi yasiyo na namba ya ukurasa, kikundi kimeacha kitabu. Dalili nyingine ni ukimya wa wote wakimtazama mtu mmoja, yule mwenye Kiarabu kizuri kuliko wengine. Ndiyo maana si vizuri mtu huyo aongoze. Aketi pembeni, aulizwe neno, alieleze, kisha aachie wengine. Na mtu akisema jambo fulani halielezeki, asikatizwe. Aombwe aonyeshe ni mstari gani mwandishi mwenyewe anaposema hivyo, na ni nini alichokuwa ameshakieleza hadi kuufikia. Mara nyingi Ibn Arabi ameeleza mengi sana kabla ya kunyamaza.

Wafuasi walisimulia jambo linaloweza kumvunja moyo mwandaaji. Al-Jandi, mwanafunzi wa al-Qunawi na mmoja wa washereheshaji wa kwanza, aliandika kwamba mwalimu wake alikuwa akimweleza dibaji tu, na papo hapo kitabu kizima kikamfungukia moyoni. Al-Qunawi akamwambia kuwa naye kwa Ibn Arabi ilimtokea vivyo hivyo. Kikundi cha chuo kikuu hakiwezi kupanga tukio la namna hiyo kwenye ratiba. Kinachoweza kupanga ni nusu ukurasa wa wiki ijayo.

Nao utatoka sura ya Zakariya. Humo Ibn Arabi anasema rehema ya Mungu imekienea kila kitu, kwa sababu kukipa kitu kuwepo ndiyo rehema yenyewe. Maumivu nayo yapo, kwa hiyo hata yenyewe yamepata kuwepo kwa rehema. Kwa Mswahili aliyezoea kusikia rehema kama msamaha au nafuu, sentensi hiyo inagonga mahali pagumu, na mwongozo umeandika chini yake swali moja tu: mgonjwa akiisikia, neno rehema limebaki na maana gani kwake?