Uvimbe wa shingo unaokua haraka: saratani hii inapona, ila usikatishe dozi

Uvimbe umetokea shingoni. Hauumi. Wiki tatu baadaye umekuwa mara mbili, usiku shuka zinalowa jasho, nguo zinapwaya. Hospitali nyingi za kwetu hufikiria TB ya tezi kwanza, na mgonjwa anaanzishiwa dawa. Kama unameza dawa na uvimbe unazidi tu kukua, rudi uombe kipimo cha nyama. Kunyonya kwa sindano nyembamba mara nyingi hakutoshi. Ni bora daktari atoe tezi nzima ipelekwe maabara.

Jibu mojawapo linaloweza kutoka ni limfoma ya seli B kubwa. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kingamwili. Ina kasi kweli, lakini kasi hiyo ndiyo udhaifu wake, maana dawa za kemo hushambulia zaidi chembe zinazogawanyika. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaopata tiba kamili hupona kabisa.

Kwenye cheti utaona R-CHOP. CHOP ni dawa tatu za kemo pamoja na vidonge vya prednisoloni. R ni rituksimabu, kingamwili ya maabara inayonasa juu ya seli B na kuziwekea alama ili kinga ya mwili iziue. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2002, kwa wagonjwa wa miaka 60 hadi 80, ulionesha saratani ilitoweka kwa 63 kati ya 100 waliopewa CHOP peke yake. Walioongezewa rituksimabu walikuwa 76.

Chukua mfano wa mama wa miaka 52. Dripu ya kwanza ya rituksimabu inakula saa kadhaa, na katikati anaanza kutetemeka na homa. Wauguzi wanasimamisha, wanampa dawa, kisha wanaendelea taratibu. Kesho yake mkojo una rangi nyekundu. Si damu, ni rangi ya doksorubisini. Baada ya mzunguko wa pili, shingo imerudi kawaida. Nauli imeisha, nyumbani wanasema, "Si umepona?"

Hapa ndipo wengi wanapotea. Uvimbe usioonekana bado unaweza kuwa na chembe hai, na zikirudi huwa ngumu zaidi kutibu. Kwa kawaida mizunguko ni sita, kila baada ya siku 21, yaani kama miezi minne. Katikati, homa ikifika 38 usinunue panadoli ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kinga yako iko chini.

Kabla ya dripu ya kwanza, uliza kama umepimwa homa ya ini B. Rituksimabu inaweza kuamsha kirusi kilicholala na ini likaharibika, wakati kuna vidonge vya kukizuia.