Benki Imekubali, Duka Limekataa

Malipo ya kadi yanapokataliwa mtandaoni, mwenye duka hudhani benki ndiyo iliyokataa. Mara nyingi ni kweli. Benki iliyotoa kadi hurudisha msimbo mfupi: 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imekwisha muda, 43 kadi imeibwa. Upo pia 05, ambao husema tu kwamba malipo yasikubaliwe, bila kutaja sababu.

Lakini kuna malipo yanayokataliwa na duka lenyewe, kwa kanuni lililojiwekea la kuzuia wezi, na hapo ndipo wateja halali hupotea kimyakimya.

Chukua mfano wa duka la London linalouza kanga na vitabu vya Kiswahili, na linalopokea malipo kupitia Stripe. Baada ya kuibiwa mara moja, mwenye duka aliweka kanuni hii:

```
Block if :address_zip_check: != 'pass'
```

Maana yake, malipo yazuiwe kama benki haikuthibitisha msimbo wa posta wa mteja. Kwa kadi za Uingereza, Marekani na Kanada kanuni hiyo hufanya kazi, kwa kuwa benki za huko hulinganisha anwani. Benki nyingi za nchi nyingine hazifanyi hivyo. Jibu linalorudi ni `unavailable`, yaani ukaguzi haukuwezekana. Mteja wa Maskati, au wa Dar es Salaam ambaye anwani yake ni sanduku la posta, anafungiwa mlango ingawa hakukosea kitu.

Ushahidi umo kwenye kumbukumbu za muamala. Palipoandikwa `declined_by_network`, benki ndiyo iliyokataa. `not_sent_to_network` huonyesha kuwa muamala ulizuiwa kabla ya kufika benki. Unaouma zaidi ni `reversed_after_approval`: benki ilishakubali, kisha kanuni ya duka ikayabatilisha malipo. Mteja anaweza kuona fedha zake zimeshikiliwa kwa siku kadhaa, huku mzigo hapati. Mtu wa namna hiyo harudi kwa urahisi.

Mwenye duka akiipanga miamala hiyo kwa nchi ya kadi, akakuta Oman na Tanzania zimejaa, tatizo limeshajulikana. Atazuia tu pale ukaguzi ulipofanyika na anwani ikakataa kulingana:

```
Block if :address_zip_check: = 'fail'
```

Kadi za nchi zisizokagua anwani ataziombea uthibitisho wa 3D Secure, ambapo mteja hujitambulisha kwa benki yake, mathubuti kwa msimbo wa SMS au ndani ya programu ya benki. Miamala midogomidogo yenye kadi nyingi tofauti ndani ya dakika chache aendelee kuizuia. Hao kwa kawaida ni wezi wanaojaribu kadi.

Asishangilie baada ya wiki moja. Mwenye kadi ya Visa ana hadi siku 120 za kukana muamala wa ulaghai, kwa hiyo kanuni iliyolegezwa leo ihukumiwe baada ya miezi minne.