Mwaka wa Tatu Ndio Mgumu

Ibada ikiisha, mnada huanza nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai. Katika sharika nyingi za KKKT, changizo la namna hii ndilo humwanzishia kijana safari ya kusomea uchungaji, pengine Makumira, karibu na Usa River, ambako teolojia inafundishwa tangu 1954.

Siku hiyo fedha hupatikana. Lakini masomo ni ya miaka, na mnada ni wa asubuhi moja.

Tuseme usharika una watoaji 200, kila mmoja ameahidi shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600,000. Robo yao wakiacha, pengo ni 900,000, nalo humkuta mwanafunzi darasani mwaka wa tatu, wakati shangwe za kumuaga zimeshasahaulika. Dalili huonekana mapema kwa mhazini anayehesabu bahasha zilizorudi, si fedha tu: jumla inaweza kubebwa na matajiri wawili huku wengine wakijitoa kimyakimya.

Ndiyo maana wito wa kweli hutaja gharama ya kozi nzima tangu mwanzo: ada, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya, hata nauli ya likizo, ambayo husahaulika mno. Ada hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na stakabadhi husomwa mbele ya washarika kila muhula.