Kadi ya kliniki haimjui mtoto ni wa nani

Simu ilitoka Tunguu, usiku wa kwao. Dada yangu alikuwa ameishika kadi ya kliniki ya binti yake, ile karatasi ngumu iliyokwisha kulainika kwenye mikunjo, na alikuwa na swali moja tu: "Kaka, hii si inatosha?" Mumewe yuko Ohio. Amejaza fomu I-130 ili amchukue mtoto, na ameambiwa alete cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa kipo. Cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa. Mtoto alizaliwa mjini mwezi wa Machi 2011, akaingia skuli kwa kadi hiyo hiyo, na miaka ikapita bila mtu kuuliza.

Nilimjibu kwamba haitoshi, akanyamaza. Nikajua jibu fupi hilo halimfai, kwa sababu kadi ina jina la mtoto, ina tarehe, ina muhuri wa kituo cha afya cha serikali. Mtu atashindwaje kuona kwamba hiyo ni hati? Naandika hapa nilichomweleza baadaye, maana nimeona ndugu wengi tulioko nje tunakwama mahali pale pale.

Tuanze na kadi yenyewe. Mama anapompeleka mtoto kliniki kwa mara ya kwanza, muuguzi anamuuliza jina la mtoto, lini kazaliwa, wanakaa shehia gani, kisha anaandika anachoambiwa. Kuanzia hapo kadi inafuata mwili wa mtoto: sindano ya kifua kikuu ya siku za mwanzo, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua ya miezi 9 na marudio ya miezi 18, na mstari wa uzito unaopanda kila mwezi. Kazi hiyo kadi inaifanya vizuri sana. Lakini muuguzi hakumwomba mama kitambulisho, na hakupaswa kumwomba. Mtoto anaweza kuletwa na shangazi, na bibi, hata na jirani, akachanjwa. Kadi ikipotea, inaandikwa mpya na chanjo za nyuma zinanakiliwa kwa kukumbuka. Kituo cha afya kikianza kumhoji kila anayeingia na kichanga kuwa ni nani na mtoto huyu ni wa nani, kuna watoto watakaobaki bila chanjo. Kwa hiyo mlango umeachwa wazi kwa makusudi mema, na kwa sababu uko wazi, karatasi inayotoka humo haiwezi kumthibitishia ofisa wa uhamiaji kwamba mtoto huyu ni wa baba yule. Inathibitisha kwamba mtoto fulani aliyetajwa kwa jina fulani alichanjwa siku fulani.

Hati ya pili ni tangazo la kizazi, ambalo wengi tunaliita "karatasi ya hospitali". Hili lina nguvu zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu walioshuhudia. Mkunga alikuwepo, na daftari la chumba cha kuzalia limeandikwa saa hiyo hiyo: jina la mama, saa ya kujifungua, jinsia ya mtoto, uzito wake. Tangazo linapeleka habari hiyo kwa msajili. Ni taarifa inayosema kwamba tukio limetokea, nendeni mkalisajili. Ndiyo maana likaitwa tangazo.

Ila litazameni kwa karibu muone linakosa nini. Kwetu mtoto aghalabu hupewa jina siku ya saba, siku ya akika, na mama huruhusiwa kutoka wodini kabla ya hapo. Hivyo karatasi ya hospitali mara nyingi haina jina la mtoto. Imeandikwa "mtoto wa" kisha jina la mama, na neno "mwanamke" au "mwanamme". Baba kama ametajwa, ametajwa kwa kauli ya mama, wala hakuna aliyehakikisha. Karatasi hiyo inajua kwamba mwanamke huyu alizaa mtoto wa kike usiku ule. Haijui mtoto huyo anaitwa nani leo.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na cheti cha kuzaliwa. Zanzibar cheti kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018, ambao pia ndio unaotoa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Pale msajili anakutanisha mambo ambayo hayajawahi kukutana kwenye karatasi moja: tukio lililoshuhudiwa hospitali, jina kamili la mtoto, baba na mama wenye vitambulisho vyao, na mahali alipozaliwa. Akisharidhika anaandika kwenye rejista, na cheti mnachopewa ni nakala ya maandishi yale. Nguvu yake inatoka humo. Mkikipoteza, rejista ipo na mtapewa kingine kinachosema yale yale. Kadi ikipotea, imepotea pamoja na ushahidi wake.

Hapa ndugu zetu wa Bara huchanganyikiwa, na wana haki. Tangu 2013, kuanzia Mbeya, RITA imeupeleka usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mzazi anaweza kutoka kituoni na cheti kilichoandikwa kwa mkono. Hicho ni cheti halali, kwa kuwa aliyekiandika amepewa kazi ya usajili na habari zake zinakwenda kwenye kumbukumbu za RITA. Mtu akisikia "cheti cha kliniki" anaweza kudhani ni ile kadi ya chanjo. Jengo ni moja, lakini daftari ni mbalimbali. Na tukumbuke kwamba usajili wa vizazi si jambo la Muungano: aliyezaliwa Unguja atafuata cheti chake Zanzibar, na mtoto wa Mzanzibari aliyezaliwa Muhimbili atakifuata RITA.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu kwake ndiko nilikojifunza zaidi.

Nilimwomba dada apige picha kila karatasi aliyonayo. Alikuta tangazo la kizazi ndani ya mkoba wa zamani, limefifia lakini linasomeka. Nikaliweka mbele yangu pamoja na kadi. Tangazo lilisema mtoto wa kike, kilo 3.1, amezaliwa 10 Machi 2011 saa 23:40. Kadi ilisema amezaliwa 11 Machi. Jina kwenye kadi lilikuwa lile la kumbembeleza nyumbani, likifuatiwa na la baba, bila jina la babu. Na mahali pa kuzaliwa kadi ilitaja Tunguu, ilhali alizaliwa hospitali ya mjini.

Tofauti tatu katika karatasi mbili. Ofisa asiyetujua angeziona na kuwaza kwamba huenda ni watoto wawili.

Ya tarehe ilinichukua muda kuielewa, mpaka nilipoongea na mama yetu. Yeye anashikilia kwamba mjukuu wake kazaliwa usiku wa Ijumaa. Nilipoangalia kalenda, 10 Machi 2011 ilikuwa Alhamisi. Basi! Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Jua likishatua Alhamisi, usiku unaoingia ni wa Ijumaa. Mkunga aliandika kwa saa ya ukutani, ambayo tarehe yake hubadilika saa sita ya usiku, na zilikuwa zimebaki dakika 20. Dada alikuwa kwa mama akimaliza arubaini yake, na aliyempeleka mtoto kliniki ya kijijini alikuwa mama. Alipoulizwa akasema Ijumaa, muuguzi akahesabu Ijumaa ni tarehe 11, akaandika. Hakuna aliyesema uongo. Ukiwa na karatasi za mtoto aliyezaliwa usiku, tazama jambo hili kabla ya lingine lolote.

Tofauti ya mahali ni ya mazoea: ukimuuliza mtu wa kwetu mtoto ni wa wapi, atakutajia kwao. Msajili anataka mahali mtoto alipozaliwa. Na ya majina kila mmoja wetu anaijua: Fatma na Fatuma, Khamis na Hamisi, Suleiman na Seleman, kisha jina la babu linaachwa kwa sababu nafasi haikutosha.

Tuliamua kwamba chanzo ni daftari la hospitali, na kila karatasi nyingine itaelezwa kwa hilo. Dada alikwenda hospitali na tangazo lake lililofifia, akaomba daftari la mwezi ule litazamwe kwa jina lake na tarehe. Likapatikana, na akapewa barua ya kuthibitisha. Sheha wa kwao akaandika barua kuwa anawajua wazazi na mtoto ni wao. Vikaongezwa vitambulisho vya wazazi, cheti cha ndoa, na barua ya skuli yenye majina matatu ya mtoto. Kwa hayo akasajiliwa akiwa mkubwa, na cheti kikasema 10 Machi, Mjini, kwa majina kamili.

Kilichobaki ni Ohio. Cheti kilichosajiliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuzaliwa hutazamwa huko kwa uangalifu zaidi, kwani kinaweza kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya safari. Maofisa wa uhamiaji hutaka kuona karatasi za zamani zinazokwenda nacho. Hapo ndipo kadi ya kliniki ilipopata kazi yake: wino wa kalamu tofauti, mihuri ya miezi mbalimbali, mstari wa uzito uliochorwa kidogo kidogo, vyote vya tangu 2011. Peke yake haikuweza kumtambulisha mtoto. Ikiwa nyuma ya cheti, inaonyesha kwamba mtoto huyu alikuwepo hata kabla baba yake hajafikiria kwenda Marekani.

Wapo waliomshauri shemeji aseme tu cheti hakipatikani. Kanuni zao hazimsaidii mtu hapo. Hati inayotakiwa ikikosekana, ombi huhesabiwa halijathibitishwa mpaka muombaji aonyeshe kwamba haipo au haipatikani. Akishaonyesha hilo ndipo huleta kumbukumbu za pili, kama za skuli au za dini, na hizo nazo zikikosekana huleta viapo vya watu wawili au zaidi wanaoijua habari yenyewe na wasiokuwa wahusika wa ombi. Huwezi kuanzia kwenye viapo wakati rejista iko wazi na hospitali ina daftari.

Viapo tuliviweka hata hivyo, kwa jambo moja tu. Mkunga mstaafu wa kijijini, aliyekuwa na dada wodini usiku ule, na jirani aliyehudhuria akika, kila mmoja aliapa kwamba mtoto wa kwenye kadi na wa kwenye cheti ni huyo huyo, na akaeleza kwa nini kadi inasema tarehe 11. Kiapo cha mkunga kina sentensi moja niliyoipenda: kwamba alisikia mtoto analia, akatazama saa, na ilikuwa bado Alhamisi ya hospitali.